Salamu Zimfikie Karani wa Benki, Hamburg

Ukitaka kujua kuwa hakuna kustaafu duniani, fanya kazi miaka mingi kwa wakala wa forodha Mombasa, kisha urudi nyumbani Khayega. Daktari mstaafu huonyeshwa vidonda vya miguu nje ya kanisa. Mimi huonyeshwa karatasi. Nikienda sokoni kutafuta nyanya, mtu ananivuta mkono kando ya barabara ya Kisumu, matatu zikitupigia honi, na kutoa bahasha iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa suruali. Hataki pesa. Heri angetaka pesa, ningemwambia sina tukaachana.

Safari hii bahasha ilikuwa ya mwenyekiti wa kikundi cha wachonga ngoma. Hapa kwetu Isukha ngoma ni isukuti, zile tatu zinazopigwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo. Tangu UNESCO ilipoiandikisha ngoma hii ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, kila mwenye patasi anaamini dunia nzima inamtafuta. Kwa mwenyekiti dunia ilikuwa imemtafuta kweli. Mfanyabiashara mmoja wa Hamburg anayeuzia shule za muziki ala za Afrika alitaka seti 200. Barua pepe yake ilikuwa na mistari miwili: nitumieni proforma ili benki yangu inifungulie elisii.

Elisii, kwa wasiokaa na watu wa bandari, ni barua ya dhamana ambayo benki ya mnunuzi hukuandikia wewe muuzaji, ikiahidi kukulipa ukileta karatasi fulani kwa muda fulani. Zingatia: karatasi. Benki haitaki kuona ngoma. Kanuni zinazotumiwa na benki karibu zote duniani, zile za UCP 600 zilizoanza kazi Julai 2007, zinasema waziwazi kwamba benki inashughulika na hati, si na bidhaa. Unaweza kupeleka ngoma tamu kuliko zote zilizowahi kupigwa Shinyalu, lakini karatasi yako ikipingana na elisii, benki ina haki ya kukataa kulipa. Na elisii huandikwa kutokana na nini? Kutokana na hiyo proforma unayoituma. Karani wa Hamburg ananakili ulichoandika.

Sasa nikafungua bahasha.

Ndani mlikuwa na barua ya kusindikiza, ukurasa mmoja na nusu, na proforma ya mistari mitatu. Barua ilianza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, ikaarifu kwamba sisi huku Khayega tu wazima wa afya, hofu ni kwenu huko Ujerumani. Ikaendelea kusema kwamba mvua zimeanza na mahindi yameshapandwa. Ikamwuliza mnunuzi hali ya wazazi wake. Aya ya nne ilieleza historia ya isukuti tangu enzi za mababu, harusi, maziko na kusindikiza mafahali wanaoenda kupigana. Aya ya sita ilimwalika mnunuzi aje Jumamosi moja aone fahali wakikatana pembe. Ilikuwa barua nzuri ya posa. Ungedhani upande wa pili kuna baba wa binti.

Proforma yenyewe, ambayo ndiyo benki ingeisoma, ilisema hivi: NGOMA ZA KIENYEJI. SETI 200. BEI NI MAELEWANO.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "umeweka maneno mahali pa namba, na mahali pa maneno hukuweka hata namba."

"Mzee wa Bandari, si tumeeleza kwenye barua?"

Hapo ndipo watu wanaponichosha. Barua ya kusindikiza ina kazi moja: kumwambia mnunuzi nini kimeambatanishwa, afanye nini nacho, na kwa muda gani. Habari zote zenye uzito zikae kwenye proforma, kwa kuwa ndiyo itakayotolewa nakala na kupelekwa benki. Barua yenyewe huenda ikaishia kwenye simu ya mnunuzi. Lakini huenda pia ikapelekwa benki pamoja na proforma, na hapo ndipo nilipokutana na aya ya saba.

Aya ya saba ilijisifu kwamba ngoma zetu zimewambwa kwa ngozi halisi ya kenge.

Nilisimama nikakaa tena. Ni kweli wazee wa zamani waliwamba isukuti kwa ngozi ya kenge, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba hakuna ngozi inayolia kama hiyo. Lakini kenge wa mtoni yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na nchini kwetu Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kuuza mnyama wa pori wala ngozi yake bila kibali. Kumpeleka Ulaya akiwa kipande cha ngoma kunataka karatasi za CITES za huku na za huko. Sasa mfikirie karani wa Hamburg anayetafuta maelezo ya bidhaa ya kuandika kwenye elisii. Anaona "ngozi halisi ya kenge", anaona yana uzito, anayanakili. Kuanzia dakika hiyo ankara yako ya biashara lazima ieleze bidhaa kwa namna inayolingana na elisii. Ukiandika kenge, forodha inakushika. Ukiandika mbuzi, benki inakukatalia.

"Kwani mmetumia kenge?" nikamwuliza.

"Hapana! Ni mbuzi tu. Kenge ni wa kupamba barua."

Katibu wa kikundi, binti aliyemaliza chuo hivi majuzi na ambaye ndiye aliyepiga chapa, alikuwa amekaa pembeni na kompyuta yake ya mkononi, anatazama chini. Nilimwonea huruma, kwa sababu aya ya saba aliiamuru mwenyekiti, na kikao kizima kikaipigia makofi. Nikamwambia, haya binti, fungua ukurasa mpya.

Tulianza na jina. Kwenye cheti cha usajili cha kikundi, Khayega imeandikwa kwa kh. Kwenye muhuri alioagiza mwenyekiti, ni Kayega, kwa sababu fundi wa mihuri alitoza kwa herufi. Kwenye akaunti ya benki jina la kikundi limekatwa likabaki vifupisho. UCP 600 inasamehe anwani: si lazima anwani zote zifanane mradi nchi ni ileile. Jina la anayelipwa ni mambo mengine, na huo si mchezo wa kucheza na karani asiyekujua. Tukachukua jina la akaunti ya benki, herufi kwa herufi, na muhuri tukauacha uende ukapige tikiti za mechi za fahali.

Kisha maelezo ya bidhaa. Kwa sisi, seti ya isukuti ni ngoma tatu, nani asiyejua? Hamburg hawajui. Wanaweza kudhani seti ni ngoma mbili na fimbo, au tano na kengele. Tukaandika: seti 200, kila seti ngoma tatu, mti uliokaushwa, ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa, na vipimo vya kila ngoma kwa sentimita. Tukaongeza msimbo wa forodha, 9206, ambao ni wa ala za kupigwa. Tukaishia hapo. Mwenyekiti alitaka tuongeze "za ubora wa hali ya juu". Nikamkatalia. Kila neno unalolitia kwenye maelezo linaweza kurudi kwenye elisii, na siku ya kuleta karatasi nani atathibitisha hali ya juu?

Kwenye idadi tulikaa sana, kwa sababu hapo ndipo pesa za wachonga ngoma hupotelea. Mti ukikauka vibaya hupasuka. Ukichonga seti 200, huenda mbili tatu zikapasuka zikiwa njiani kutoka kwa fundi, na mnunuzi huyu alikuwa ameshasema anataka mzigo wote safari moja, kugawa hapana. UCP 600 ina ruhusa ya kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, na watu husikia hiyo wakatulia kama wameokoka. Lakini soma kanuni ya 30 mpaka mwisho: ruhusa hiyo haipo pale idadi inapotajwa kwa vifurushi au kwa kuhesabu moja moja. Inafaa mchanga, inafaa mafuta. Ngoma zinahesabiwa. Ukiahidi 200 kamili ukapeleka 198, umekosea, hata kama Hamburg hakuna atakayekesha akizililia hizo mbili.

Dawa iko katika kanuni hiyohiyo. Neno "takriban" likiwekwa mbele ya idadi, linaruhusu asilimia 10 juu au chini, na likiwekwa mbele ya kiasi cha pesa linaruhusu vivyo hivyo kwenye pesa. Lazima liwekwe mahali pote pawili, kwa sababu linahudumia tu jambo lililo mbele yake. Tukaandika takriban seti 200, takriban euro 19,000, kwa bei ya euro 95 kila seti. Mwenyekiti akauliza kama mnunuzi hatadhani hatujui kuhesabu. Nikamwambia mnunuzi wa kweli ameliona neno hilo mara nyingi kuliko alivyoona jina lako.

Bei nayo ina mkia. Euro 95 kila seti, lakini mahali gani? Hapa Khayega, Mombasa, au mlangoni kwa Mjerumani? Wao walikuwa wamesikia FOB kwa shemeji wa mtu fulani. FOB ni ya mzigo unaokabidhiwa ndani ya meli yenyewe. Mzigo wa kontena unaukabidhi kwenye yadi kabla hujaiona meli, na hapo neno lake ni FCA. Tukaandika FCA Mombasa, Incoterms 2020, pamoja na jina la yadi. Kwa hiyo usafiri wa lori kutoka hapa na ushuru wa kutoa mzigo nchini ni juu ya kikundi, na meli ni juu ya Mjerumani. Mwenyekiti alipolijua la lori akakumbuka kwamba bei ya euro 95 waliifanya bila lori. Walikaa kikao cha dharura kwenye benchi la mama wa mandazi, wakaliingiza lori kwa kubana faida yao wenyewe, huku mama wa mandazi akiwapigia hesabu kwa kasi kuliko mweka hazina.

Halafu likaja swali ambalo hakuna aliyelifikiria, nami ndilo lililonikera kuliko yote: mti utanunuliwa na nini? Elisii inalipa baada ya mzigo kuondoka na karatasi kufika benki. Kabla ya hapo ni ahadi, na mwenye mti hapa kijijini hapokei ahadi ya Hamburg. Anataka noti. Kikundi kilikuwa kimepanga kukopa kwa chama kingine kwa riba ambayo sitaiandika hapa kwa sababu gazeti hili husomwa na watoto. Nikawaambia waombe asilimia 30 mapema kwa njia ya benki, yaani euro 5,700, na elisii ifunguliwe kwa zilizobaki, takriban euro 13,300. Mnunuzi wa kweli hakatai kujadili hilo. Anayekataa kabisa hata senti ya mapema, huku akitaka mzigo wa kuchongwa kwa mkono, mwulize vizuri.

Na muda. Tuliandika bei itasimama siku 30 tu, kwa sababu mti hupanda bei bila kutuarifu. Mzigo utakuwa tayari yadini Mombasa siku 90 baada ya kupokea elisii na malipo ya awali, vyote viwili, si kimoja. Na elisii isiishe siku ile ya kusafirisha mzigo. Iache siku 21 za kukusanya na kupeleka karatasi. Wengi huchoma hapo. Mzigo umeondoka vizuri, cheti cha asili ya bidhaa kimekaa kwa mtu wa ofisi aliyekwenda mazishi, na elisii imekufa Ijumaa.

Ndipo tukarudi kwenye barua ya kusindikiza. Mwenyekiti aliisoma ile ya kwanza kwa sauti mara ya mwisho, kwa majonzi, hasa aya ya mafahali. Yangu ilikuwa hii, na binti aliipiga chapa kabla chai haijapoa:

"Ndugu Mnunuzi. Kufuatia oda yenu ya tarehe 3 Machi, tunaambatanisha proforma yetu namba 07 ya tarehe 10 Machi, ya takriban seti 200 za ngoma za isukuti, jumla takriban euro 19,000, FCA Mombasa. Bei inasimama hadi tarehe 9 Aprili.

"Tafadhali tumeni malipo ya awali ya euro 5,700 kwenye akaunti iliyo ndani ya proforma, na mwiagize benki yenu ifungue elisii isiyobatilika kwa takriban euro 13,300, inayolipwa mara karatasi zinapoonekana, kupitia benki yetu ambayo msimbo wake wa SWIFT umo humo. Tunaomba mtutumie rasimu ya elisii tuisome kabla haijafunguliwa. Kuchonga kutaanza vyote viwili vikifika.

"Akaunti yetu haitabadilishwa kwa barua pepe. Mkipata barua inayosema imebadilishwa, tupigieni simu kwanza kwa namba mliyonayo tangu mwanzo. Wenu, Katibu."

"Imeisha?" mwenyekiti akauliza.

"Imeisha."

"Hata hali ya wazazi?"

Nikamruhusu aongeze salamu moja mwishoni, fupi, isiyotaja ngozi ya mnyama yeyote. Ile aya ya kutobadilisha akaunti aliiona ni ya kumkosea mgeni adabu. Nikamwambia kuna majambazi wanaokaa wakisoma barua pepe za watu, wakiona proforma imetumwa wanatuma nyingine inayofanana nayo kama pacha, ila akaunti ni yao. Mnunuzi analipa kwa moyo mweupe, muuzaji anasubiri kwa moyo mweupe, na anayekula ni wa tatu. Mwenyekiti akaiacha aya ikae. Tena akataka iandikwe kwa wino mwekundu.

Rasimu ya elisii ilirudi. Ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia: jina letu sawasawa, mbuzi ni mbuzi, takriban imekaa mahali pote pawili. Isipokuwa mstari mmoja, katikati ya orodha ya karatasi za kuleta: cheti cha ukaguzi kilichotiwa saini na mnunuzi mwenyewe. Mwenyekiti aliupita mstari huo akitabasamu. Akasema ni jambo zuri, mnunuzi atakuja kukagua, tutamchinjia kuku.

Nikamweleza taratibu. Karatasi zote nyingine unazipata wewe: ankara, orodha ya mzigo, hati ya shehena, cheti cha asili. Hii moja anayo yeye. Asipotia saini, kwa sababu amekasirika, au amepata ngoma za bei rahisi kwingine, au yuko likizo baharini, huna karatasi, na usipokuwa na karatasi benki haikulipi, wala haina kosa. Si lazima awe mwizi. Inatosha awe na shughuli nyingi.

"Lakini huyu anaonekana mtu mzuri."

"Awe mzuri. Mstari utoke."

Kutoa mstari kwenye rasimu ni barua pepe moja. Elisii ingekuwa imeshafunguliwa, ungetaka marekebisho rasmi, na ada ya marekebisho, na ridhaa ya benki, na mimi nirudishwe tena barabarani na kuvutwa mkono. Mjerumani hakubisha, akasema ni fomu ya benki yake tu, huwa inajazwa hivyo. Mstari ukatoka.

Ukabaki wa mwisho kabisa, ule ambao hautoki, kwa kuwa umo karibu kwenye kila elisii niliyowahi kuishika: gharama zote za benki nje ya Ujerumani zitalipwa na mfaidika. Mwenyekiti aliusoma mara mbili, akavua miwani.

"Mfaidika ni nani hapa?"

"Ni nyinyi."

"Sasa kama sisi ndio tunafaidika," akasema, "kwa nini ndio tunalipa?"

Nikamwitisha chai, nikamwambia ailipie na hiyo.